Mbona Hukuniuliza?

Nilisema neno "maji" mara moja tu, tena kwa sauti ya chini, lakini foleni yote ilisikia.

Ilikuwa Jumatano, saa moja na robo asubuhi, siku yangu ya tatu ya fildi kwenye kituo cha kukusanyia maziwa huku Rungwe. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya migomba. Mbele yangu alisimama mama mmoja wa makamo, kitenge kimefungwa juu ya sweta, na miguuni pake ndoo ya alumini yenye lita nane. Laktomita, kile chombo cha kioo kinachopima uzito wa maziwa, ilikuwa inaelea kwenye silinda ya kupimia. Nikainama, nikasoma namba iliyolingana na uso wa maziwa: 25. Chini ya 26 hatupokei. Nikasoma tena. 25.

"Mama, samahani. Haya yana maji, siwezi kuyapokea."

Hakubisha. Angebisha ningepata nguvu ya kubishana naye. Alinitazama, akaitazama silinda, akafunika ndoo yake na kusema, "Haya, mwanangu." Kisha akaondoka. Foleni ikajisogeza. Mtu mmoja nyuma akasema jambo kwa Kinyakyusa, lugha ambayo mimi mtoto wa Dodoma nilikuwa sijui hata salamu yake, na wawili watatu wakacheka.

Nikachukua kalamu nyekundu. Kwenye daftari, mbele ya jina lake, nikaandika kwa herufi kubwa: MAJI.

Wiki kadhaa zimepita tangu nimalize fildi. Ripoti nimeikabidhi, gambuti nimezirudisha. Kilichobaki ni swali moja ambalo yule mama aliniuliza siku iliyofuata. Nalikumbuka nikiwa kwenye daladala, nikiosha vyombo, nikiwa naswali.

Nimeona niliandike.

## Siku mbili za "nimeelewa, mzee"

Jumatatu alinipokea msimamizi wa kituo, mzee mmoja mwembamba mwenye kofia ya sufu ambayo sikuwahi kumwona ameivua. Kazi hii ameifanya kabla mimi sijazaliwa. Si mtu wa maneno. Alikuwa anafanya, mimi natazama, halafu anauliza, "Umeelewa?"

"Nimeelewa, mzee."

Anafungua mfuniko na kunusa papo hapo, kwa sababu harufu ya kwanza ndiyo ya kweli, ukichelewa inapotea. Anaangalia rangi na uchafu. Anakoroga. Anavuta mililita mbili za maziwa kwa bomba la sindano, anaongeza mililita mbili za alkoholi, anatikisa kikombe na kukiinamisha kwenye mwanga. Yakibaki laini ni salama, yakitoa chembechembe kama za uji uliokatika, hayapokelewi. Halafu laktomita. Halafu lita, chujio, tangi la kupoozea. Mtu anayefuata.

Kwenye alkoholi niliuliza. Niliuliza chembe ndogo zinaonekanaje, akanitengenezea mfano kwa maziwa yaliyolala bila kupoozwa. Nikauliza kama kila yanayokatika yamechacha, akasema hapana: dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyetoka kuzaa, pia hukatika, na maziwa ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele yanaweza kukatika ingawa yametoka kukamuliwa sasa hivi. Nikafurahi. Nikajiona mwanafunzi mwenye bidii.

Nimejiuliza sana kwa nini kwenye laktomita sikuuliza kitu.

Nadhani ni kwa sababu ilionekana rahisi. Alkoholi inahitaji jicho, na mtu anayejifunza jicho haoni aibu kuuliza. Laktomita ni namba. Unaitumbukiza taratibu, unaiacha itulie, unasoma. Chuoni tulifundishwa kwamba maziwa mazuri husoma kati ya 26 na 32, na mtihani niliufaulu. Nilijua hata maana yake: 28 ni kusema lita moja ya maziwa hayo ina uzito wa kilo 1.028, wakati ya maji ni kama kilo moja kamili. Ukitia maji, maziwa yanakuwa mepesi, laktomita inazama zaidi, namba inashuka. Kwa makadirio, maji sehemu moja katika kumi hushusha namba kama tatu.

Mtu anayejua yote hayo anauliza nini tena?

## Herufi J

Daftari la mzee lilikuwa na safu alizozichora mwenyewe kwa rula: jina, lita, alkoholi, halafu L, halafu J, halafu S. Jumatatu na Jumanne yeye ndiye aliyeandika, mimi nikimimina. L niliielewa, laktomita. J sikuielewa. S sikuielewa.

Jumatatu saa tatu nilitaka kuuliza J ni nini. Foleni ilikuwa ndefu, nikasema nitauliza tukimaliza. Tulipomaliza tukaosha tangi, tukaosha sakafu, nikasahau. Jumanne nilikumbuka, lakini jana yake nilikuwa nimeshasema "nimeelewa" mara ishirini hivi, na J ilikuwa humo humo katika niliyodai kuyaelewa. Kuuliza sasa ilikuwa ni kukiri kwamba jana nilidanganya.

Nilipokuwa nasita hivyo, pembeni ya silinda kulikuwa na themomita. Mzee aliitumbukiza kwenye maziwa kila mara kabla ya kusoma laktomita. Mimi nilidhani anaangalia kama maziwa yanakaribia kuharibika.

Jumanne jioni akaniambia kesho asubuhi anakwenda Tukuyu kwa fundi, mota ya tangi inagoma. "Utaweza kupokea?"

"Nitaweza, mzee."

Hilo ndilo jibu ninalolijutia kuliko yale ishirini.

## Watatu wa karibu

Jumatano nilirudisha watu watatu. Wa kwanza yule mama. Wa pili mzee mmoja jirani yake, mwenye fimbo, ambaye yeye alibisha, akagonga sakafu kwa fimbo na kusema ng'ombe wake hajui kuiba. Wa tatu kijana aliyesoma 22.5. Wote watatu niliwaandikia MAJI, nyekundu.

Waliobaki walipita. Waliopita bila shida kabisa ni wale wanaoletewa na bodaboda kutoka juu, upande wa mlima. Yule kijana wa bodaboda hufika na keni nne zimefungwa kwa mpira, mikono imekufa ganzi kwa baridi. Maziwa yake yote yalisoma 28. Nikamwambia, "Watu wa kwenu waaminifu sana." Akacheka, akasema ndiyo.

Kwenye safu ya J na S sikuandika kitu. Niliziacha wazi, nikajiambia nitamuuliza mzee akirudi, halafu nizijaze.

Nizijaze na nini? Hapo nilikuwa sijafika.

## Ukurasa wa jana

Mzee alirudi saa saba mchana. Hakuvua hata koti. Alifungua daftari, akapitisha kidole, kidole kikasimama kwenye wino mwekundu.

"Hawa watatu wanakaa wapi?"

"Hapa karibu, mzee. Wote wanakuja kwa miguu."

"Na wa bodaboda?"

"Wamepita wote."

Akanyamaza. Halafu akageuza ukurasa mmoja nyuma, akanisogezea daftari. Jumanne. Jina la yule mama. L: 25.

Ishirini na tano. Ile ile. Na mzee alikuwa ameyapokea.

"Soma mstari wote," akasema.

L 25. J 32. S 27.4.

"J ni nini?" nikauliza. Sauti haikutoka vizuri.

"Joto."

Kisha akanipa laktomita mkononi na kuniambia nisome maandishi madogo kabisa kwenye shingo yake, chini ya jina la kiwanda. Nilikuwa nimeishika siku tatu. Yalisomeka: 20°C.

Alichonieleza baada ya hapo kilikuwa kifupi. Laktomita ile imetengenezwa isome ukweli maziwa yakiwa na nyuzi joto 20. Yakiwa ya moto zaidi yanatanuka, yanakuwa mepesi, laktomita inazama na kusema uongo kwa chini. Yakiwa ya baridi zaidi yanajibana, yanakuwa mazito, inasema uongo kwa juu. Kwa hiyo kila nyuzi moja juu ya 20 unaongeza 0.2, na kila nyuzi moja chini ya 20 unapunguza 0.2. Yule mama Jumanne alikuwa na nyuzi 32, yaani 12 zaidi. Mara 0.2 ni 2.4. Ishirini na tano na 2.4 ni 27.4, maziwa mazuri. S ni sahihi, namba iliyosahihishwa.

Kidole chake kikashuka hadi kwa mmoja wa bodaboda, siku hiyo hiyo ya Jumanne. L 28. J 16. S 27.2.

Nikarudia hesabu kichwani. Maziwa ya yule mama yalikuwa mazito kuliko ya wale niliowaita waaminifu. Kosa lake lilikuwa kukaa karibu. Anakamua, anachuja, anatembea dakika tano, maziwa yanafika yakiwa bado na joto la ng'ombe. Yale ya mlimani yamepigwa na baridi ya Julai njia nzima. Nilikuwa nimepima umbali wa nyumba za watu, nikauita wizi.

"Tuyasahihishe ya leo," nikasema. "Tuongeze."

"Tuongeze ngapi? Joto lilikuwa ngapi?"

Sikupima.

Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa jambo. Kosa la hesabu hurekebishwa kwa hesabu. Mimi sikukosea hesabu, niliacha kuchukua nusu ya habari, na habari ile ilikuwa imeshaondoka ndani ya ndoo tatu, imepoa, haipo tena. Mzee alichora mstari mmoja juu ya kila MAJI, mstari ambao chini yake neno bado linasomeka, akaandika pembeni "joto halikupimwa", akanipa kalamu nitie saini. Nilimwuliza kwa nini tusichane ukurasa. Akasema daftari lililochanwa halimtetei mtu, hata mimi.

Kisha akasema: "Kesho alfajiri tutakwenda kwa yule mama. Utaongea wewe."

## Nusu saa jikoni kwa mama

Kuna njia moja ya kumaliza ubishi wa maji kwenye maziwa, nayo ni kwenda kwa ng'ombe. Mpimaji anashuhudia ng'ombe akikamuliwa hadi mwisho, anachukua sampuli palepale, anaipima. Inafanywa wakati ule ule ambao maziwa yenye ubishi yalikamuliwa, kwa sababu maziwa ya asubuhi na ya jioni hayafanani. Ndiyo maana saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa nimesimama nje ya zizi la mbao, tochi mkononi, meno yanagongana, nikitafuta namna ya kuanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibuni." Kama vile tulikuwa tumealikwa.

Nilisema niliyokuwa nimeyapanga usiku kucha: kwamba jana nilikosea, kwamba sikupima joto, kwamba neno nililosema mbele za watu halikuwa na ushahidi, kwamba naomba radhi. Aliendelea kumwosha ng'ombe kiwele, chotara mmoja mweusi mwenye baka jeupe. Nilipomaliza akasema, "Sawa. Shika tochi vizuri."

Akakamua. Mzee akamimina kwenye silinda kupitia ukingoni, taratibu, ili povu lisiwe jingi. Akanisogezea.

Themomita: 35. Laktomita: 25.

Namba ile ile niliyomfukuzia. Safari hii nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwamba hakuna tone la maji lililoingia.

Nikapiga hesabu kwa sauti: nyuzi 15 zaidi, mara 0.2, ni 3, kwa hiyo 28. Nikadhani tumemaliza. Mzee akatikisa kichwa. Tofauti ya joto ikiwa kubwa namna ile, akasema, usiitegemee hesabu peke yake. Tena maziwa yaliyotoka kukamuliwa yana vihewa vingi ndani na mafuta yake bado ni laini, yanasoma chini kidogo hata ukisahihisha. Akaiweka sampuli ndani ya chupa, chupa ndani ya ndoo ya maji ya kijito. Tungoje nusu saa.

Tukaingia jikoni. Mama akatuwekea chai ya maziwa. Bila shaka ni maziwa ya jana, mengine yakiwa yamegandishwa kwenye kibuyu kona ile, maana nani angeyanunua baada ya foleni nzima kusikia?

Mzee akawa kama amefunguka kwa moto. Akanieleza kwamba hata laktomita iliyosomwa vizuri hudanganywa. Mafuta ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo mtu akiengua malai maziwa yanakuwa mazito, namba inapanda. Akitia maji namba inashuka tena. Akivifanya vyote viwili kwa kipimo, anafika kituoni na 28 safi kabisa.

"Kumbe!" akasema mama. "Na mnawafundisha watu mbele ya wafugaji?"

Mzee alicheka hadi akakohoa. Mimi pia nikacheka, na nikahisi kwamba labda yameisha. Hapo ndipo mama aliponigeukia, bila ukali wowote, kama mtu anayeuliza kitu ambacho kweli hakijui.

"Lakini mwanangu, mbona hukuniuliza?"

"Kukuuliza nini, mama?"

"Chochote. Nimekamua saa ngapi. Nimetoka wapi. Mimi nilikuwa nimesimama pale."

## Waliokuwa wamesimama pale

Sikuwa na jibu, na kwa kweli hadi leo sina lililo zuri.

Nimeshasema kwamba nilishindwa kumuuliza mzee kwa sababu ya aibu. Hiyo inaeleweka, na wengi mliopita fildi mnaijua. Lakini kwa yule mama sikuona aibu. Haikunijia kabisa kwamba yeye ni mtu wa kuulizwa. Kichwani mwangu maswali yalikuwa yanapanda tu: mwanafunzi kwa msimamizi, msimamizi kwa mkufunzi. Mfugaji alikuwa upande wa pili wa meza, upande wa vitu vinavyopimwa. Nilikuwa na chombo cha kioo mkononi, na mbele yangu alikuwepo mtu aliyekuwa na jibu zima, na nikakiamini kioo.

Swali moja lingetosha. "Mama, umekamua saa ngapi?" Angesema sasa hivi. Hata mimi, pamoja na ujinga wangu wa J, ningeigusa ndoo na kuhisi vuguvugu, na labda ningejiuliza.

Baada ya nusu saa sampuli ilikuwa na nyuzi 21. Laktomita ilisoma 28.5. Ongeza 0.2. Mama aliisoma mwenyewe, ameinama, tochi nimeshika mimi.

Saa moja tulikuwa kituoni. Mzee alinitaka niseme mbele ya foleni, nami nikasema, kifupi, sauti ikitetemeka: jana nilipima vibaya, kosa ni langu, maziwa ya mama huyu hayana maji. Yule mzee wa fimbo alisogea mbele hata kabla sijamaliza. Maziwa yake: 26, joto 31, sahihi 28.2. Akagonga fimbo mara moja. Nilihisi nimeistahili.

Yule kijana wa tatu alisoma 22.5 tena, kwenye nyuzi 30. Nikasahihisha: 24.5.

Chini ya 26.

Hapo nilimtazama mzee, maana nilikuwa nimeshajiandaa kuwaomba radhi wote watatu. Mzee hakutamka neno maji. Alimwambia kijana kwa upole kwamba leo hayatapokelewa na kwamba kesho alfajiri atapita kwake kumwona ng'ombe. Ijumaa alikwenda peke yake. Maziwa aliyoyashuhudia, yakishapoa, yalisoma 28.5. Tofauti ya nne, yaani maji zaidi kidogo ya sehemu moja katika kumi, yaliingia mahali fulani kati ya zizi na kituo. Waliongea wawili nyuma ya tangi, na waliyoongea sikuambiwa.

Kuna rafiki alinisikiliza hadi hapa akasema, "Basi mmoja ulimpatia." Hapana. Nilimpata kama saa iliyosimama inavyopatia mara mbili kwa siku. Jumatano sikuwa na namna yoyote ya kumtofautisha yeye na mama.

## Ijumaa

Kwa kuwa mzee alikwenda kwa kijana, Ijumaa asubuhi nilifungua kituo peke yangu kwa mara ya pili. Alipoondoka hakuniuliza kama nitaweza. Aliniuliza, "Una swali?" Nilikuwa nayo manne. Alikaa kwenye pikipiki, injini inanguruma, akayajibu yote.

Kabla ya kufungua mfuniko wa kwanza nilijiwekea utaratibu wa kumuuliza kila mtu mambo matatu. Umekamua saa ngapi? Ng'ombe amezaa lini? Kuna ng'ombe anayechomwa sindano?

La kwanza lilikuwa la joto. La pili, la dang'a. La tatu nililiongeza bila kulifikiria sana, kwa sababu tu lilikuwa kwenye maelezo ya chuoni, na ndilo lililonifundisha zaidi.

Mzee wa fimbo alijibu mawili ya kwanza kwa kuvuta maneno, kama anayemlipa mtu deni. La tatu likamkwamisha. Akatazama ndoo yake. Kisha akasema jana jioni ng'ombe alivimba chuchu moja, mtaalamu akaja akatia dawa ya kiwele.

Nilinusa maziwa yake: mazuri. Alkoholi: laini kabisa. Laktomita, joto, sahihi: vyote viko sawa. Hakuna chombo hata kimoja juu ya meza ile ambacho kingeniambia kuna dawa. Na maziwa yale yangeingia kwenye tangi la watu wote, dawa haiondoki kwa kuchemsha tu, na kiwandani mtindi ungeweza kugoma kuganda, maana dawa inayoua vijidudu vya kiwele inaua pia vile vinavyogandisha.

Kilichoigundua ni swali, na mtu aliyekubali kulijibu kwa hasara yake.

"Mzee, yasiingie hadi siku zilizoandikwa kwenye dawa ziishe," nikasema. "Karatasi ya dawa unayo?" Alikuwa nayo, ndani ya kofia. Tukaisoma pamoja, tukahesabu siku, nikaandika tarehe kwenye daftari kwa wino wa bluu: *dawa, atarudi*. Kwa sauti ambayo foleni haikuisikia.

Sijidanganyi kwamba wote hujibu kweli. Mtu anayejua jibu lake litamkosesha pesa ya siku nne ana kila sababu ya kusema "hakuna". Nadhani mzee yule alinijibu kwa sababu siku moja kabla alinisikia nikisema kosa langu mbele ya watu wale wale. Huenda nakosea. Huenda ni mtu mkweli tu, na angemjibu yeyote ambaye angemuuliza.

Mama alifika wa mwisho, amechelewa kuliko kawaida yake.

"Umekamua saa ngapi, mama?"

"Saa kumi na moja na nusu. Ila leo nimeitia ndoo kwenye maji ya kijito kwanza, ili yasikusumbue."

Niligusa ndoo. Baridi. Themomita ikasema 19, laktomita 29. Nikapunguza 0.2, nikaandika 28.8, nikampimia lita zake nane, nikazimimina kwenye chujio. Alikuwa bado amesimama, shingo ameinyoosha juu ya daftari langu, anafuata mstari wenye jina lake kwa macho.

"Na hiyo J," akasema, "ni nini?"